Mzigo Uliobaki: Fomula Tatu za Lahajedwali na Kilo Nne za Sukari Zilizopotea

Chukua duka la rejareja linalouza sukari kwa kilo, nusu na robo. Tarehe 1 Juni asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, mwenye duka anapima sukari yote iliyopo na kupata kilo 120. Kufikia jioni ya tarehe 20 amepokea mifuko 7 ya kilo 50 na ameuza kilo 398.5. Je, dukani kunatakiwa kuwe na sukari kiasi gani?

Hesabu yenyewe si ngumu. Ulichoanza nacho, ongeza ulichopokea, toa ulichouza:

120 + 350 − 398.5 = 71.5

Ni hesabu ileile ya maji kwenye simtanki. Maji yaliyomo leo ni ya jana, ukiongeza yaliyoingia na kutoa yaliyotoka. Wanafizikia na wahandisi huuita mlinganyo wa mizania na huutumia kwa maji, joto, hata pesa. Nguvu yake iko kwenye sharti moja: hakuna kitu kinachotokea hewani wala kupotelea hewani. Kila kilo lazima iwe na mlango ilioingilia na mlango iliotokea. Hilo sharti tulishike vizuri, maana tutarudi kwake tukifika kwenye kilo zilizopotea.

Sasa twende kwenye lahajedwali, iwe Excel au Google Sheets. Watu wengi huanza hivi: kila siku mstari mmoja, safuwima ya A tarehe, B mzigo wa kuanzia, C uliopokelewa, D uliouzwa, E uliobaki. Kwenye E2 unaandika fomula ya kwanza, na kwenye B3 unaiambia siku ya pili ianze na pale ya kwanza ilipoishia:

```
E2:  =B2+C2-D2
B3:  =E2
```

Ukiburuta chini, mwezi mzima unajijaza. Kwa bidhaa moja mpangilio huu ni mzuri na unaonekana kwa macho: unaweza kufuata kila siku kama shanga kwenye uzi. Tatizo ni huo uzi wenyewe. Ukifuta mstari mmoja wa katikati, mstari unaofuata unapoteza seli uliyoitegemea, unaandika `#REF!`, na kosa hilo linashuka hadi mwisho wa mwezi. Ukipanga upya mistari kwa kigezo chochote, siku zinaanza kurithi mzigo kutoka siku zisizo zao. Na bidhaa zikiwa arobaini unahitaji nyuzi arobaini. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kurudi kwenye daftari.

Njia ninayoipendelea ni kutenganisha mambo mawili: kuandika kilichotokea, na kuhesabu kilichobaki. Ukurasa wa kwanza uite Miamala. Huku hakuna hesabu ya salio kabisa, ni kumbukumbu tu. Kila tukio linapata mstari wake, na ukishauandika huugusi tena:

```
Tarehe      Bidhaa   Aina    Kiasi
2025-06-03  Sukari   Pokea   =4*50
2025-06-03  Sukari   Uza     18.5
2025-06-03  Sabuni   Uza     7
```

Angalia hiyo `=4*50`. Mzigo umekuja kwa mifuko lakini unauzwa kwa kilo. Ukiandika 4, lahajedwali itaamini umepokea kilo nne, na siku hiyohiyo jioni salio litakuwa chini kwa kilo 196. Kwa hiyo chagua kipimo kimoja kwa kila bidhaa, kile kidogo unachouzia, na kila kinachoingia kigeuze kiwe kipimo hicho. Kuandika `=4*50` badala ya 200 kuna faida ya ziada: ukirudi baada ya wiki mbili, ukibonyeza seli unaona kwamba ilikuwa mifuko minne. Ukiandika 200 tu, hiyo habari imepotea.

Ukurasa wa pili uite Muhtasari. Seli B1 inabeba tarehe ya kuanzia, yaani siku uliyopima mzigo. Kuanzia mstari wa 4, A ni jina la bidhaa, B ni mzigo wa kuanzia, kisha hizi tatu:

```
C4:  =SUMIFS(Miamala!$D:$D, Miamala!$B:$B, $A4,
       Miamala!$C:$C, "Pokea", Miamala!$A:$A, ">="&$B$1)
D4:  =SUMIFS(Miamala!$D:$D, Miamala!$B:$B, $A4,
       Miamala!$C:$C, "Uza", Miamala!$A:$A, ">="&$B$1)
E4:  =B4+C4-D4
```

`SUMIFS` isikutishe. Isome hivi: jumlisha safuwima ya Kiasi, lakini chukua tu mistari ambayo bidhaa ni ile iliyoandikwa A4, aina ni Pokea, na tarehe ni ya siku ya kuanzia au baada yake. Ile alama ya `$` inazuia anwani isisogee unapoburuta fomula kwenda chini. `$A4` inaruhusiwa kuwa A5, A6 na kuendelea, lakini `$B$1` inabaki palepale. Na kama kompyuta yako imepangwa kwa nchi zinazotumia mkato kwenye desimali, badala ya mkato kati ya vipengele utaandika nuktamkato.

Mpaka hapo umemaliza. Sukari inasoma 71.5. Ila ningeishia hapa ningekuwa nimekupa nusu ya habari, kwa sababu ubaya wa mpangilio huu mpya ni kwamba ukikosea haupigi kelele. Fomula ya mwanzo, ile ya kujumlisha na kutoa moja kwa moja, ikikutana na neno badala ya namba inakataa kwa `#VALUE!` na unajua kuna jambo. `SUMIFS` haina ugomvi na mtu. Mstari isiouelewa inauruka, na inakupa jibu safi kabisa ambalo si kweli.

Tuangalie inavyoruka. Mfanyakazi akiandika kwenye Kiasi `12 kg`, hilo si namba tena, ni maandishi, na halijumlishwi. Akiandika jina la bidhaa kisha akabonyeza nafasi moja ya ziada mwishoni, kwa macho yako ni Sukari, kwa kompyuta ni bidhaa nyingine. Herufi kubwa na ndogo haijali, `sukari` na `SUKARI` ni kitu kimoja kwake, lakini hiyo nafasi tupu anaihesabu. Dawa yake ni kutomruhusu mtu aandike jina kwa mkono: weka orodha ya kuchagua kwenye safuwima za Bidhaa na Aina, kupitia Data kisha Data Validation. Kiasi kiachie namba tu.

Lakini mtego ambao naona unaumiza zaidi ni wa tarehe, na unastahili tuutazame polepole.

Sisi tunaandika siku, mwezi, mwaka. Faili au kompyuta nyingi huja zimepangwa kwa mtindo wa Marekani: mwezi, siku, mwaka. Ukiandika 3/6/2025 ukimaanisha tarehe 3 Juni, mashine inaelewa tarehe 6 Machi. Haikuulizi. Ukiandika 14/6/2025, inatafuta mwezi wa kumi na nne, haupati, basi inaiacha kama maandishi tu. Haikuulizi pia.

Sasa fikiria duka letu liko kwenye faili la namna hiyo. Hata B1, ile 1/6/2025, imesomwa kuwa tarehe 6 Januari. Mauzo ya tarehe 2 Juni yamesomwa 6 Februari, ya tarehe 3 yamesomwa 6 Machi, na kuendelea hadi ya tarehe 12 yaliyosomwa 6 Desemba. Zote ni baada ya 6 Januari, kwa hiyo zote zinaingia kwenye hesabu, na kwa siku kumi na mbili za kwanza salio ni sahihi kabisa! Unaanza kuliamini faili. Mpaka tarehe 12 jioni umepokea kilo 200, umeuza 233.5, na salio linasoma 86.5.

Tarehe 13 unauza, unaandika, salio linabaki 86.5. Tarehe 14 unapokea mifuko mitatu, salio 86.5. Tarehe 20, bado 86.5. Kilo 150 zilizoingia na kilo 165 zilizotoka hazijaonekana popote, kwa kuwa tarehe zake ni maandishi na maandishi hayawezi kuwa “makubwa kuliko au sawa na” siku fulani. Na ukiangalia, 86.5 si namba ya ajabu. Ukweli ni 71.5. Tofauti ni kilo 15, kiasi ambacho mtu anaweza kumlaumu kijana wa dukani wakati sukari haikwenda kokote.

Utajuaje? Kwa jicho: kama hujagusa mpangilio wa seli, namba na tarehe huegemea kulia, maandishi huegemea kushoto. Ukiona safuwima ya tarehe inayumba, siku kadhaa kulia na nyingine kushoto, umeshapata jibu. Kwa fomula: `COUNTA` inahesabu seli zote zenye kitu, `COUNT` inahesabu zenye namba pekee. Na tarehe ndani ya lahajedwali ni namba tu. Tarehe 14 Juni 2025 imehifadhiwa kama 45822, hesabu ya siku iliyoanzia mwanzoni mwa mwaka 1900. Basi pembeni ya Muhtasari weka seli za ulinzi:

```
=COUNTA(Miamala!A2:A5000)-COUNT(Miamala!A2:A5000)
=COUNTA(Miamala!D2:D5000)-COUNT(Miamala!D2:D5000)
=MAX(Miamala!A2:A5000)
=SUMIFS(Miamala!D:D, Miamala!A:A, ">="&B1)-SUM(C4:D43)
```

Mbili za kwanza lazima zisome 0, vinginevyo kuna tarehe au kiasi kilichogeuka maandishi. Ya tatu ipe mwonekano wa tarehe. Ikikuonyesha Desemba wakati tuko Juni, siku na mwezi vimebadilishana. Ya nne inajumlisha kilo za sukari na vipande vya sabuni pamoja, jambo ambalo mwalimu wa sayansi angekuchapa nalo, lakini hapa hatutafuti maana ya hiyo jumla. Tunataka tu kujua kama kila mstari wa Miamala umepata bidhaa yake kwenye Muhtasari. Isiposoma 0, kuna jina lililoandikwa vibaya au bidhaa mpya uliyosahau kuiongeza.

Marekebisho ya mtego wa tarehe ni kubadilisha mpangilio wa nchi. Kwenye Google Sheets ni File, kisha Settings, kisha Locale. Excel inafuata mpangilio wa kompyuta yenyewe. Ila kumbuka, kubadilisha mpangilio hakurekebishi tarehe zilizokwisha kuingia. Ile 6 Machi imeshahifadhiwa kama namba ya siku ya Machi na itabaki Machi. Lazima uziandike upya. Mimi huandika mwaka kwanza, 2025-06-14, kwa sababu namna hiyo inasomwa vilevile kwenye mipangilio yote miwili.

Kuna kosa lingine la tarehe linalokuja mwisho wa mwezi. Tuseme Juni yote imeisha: umepokea kilo 500, umeuza 598.5, na usiku wa tarehe 30 umepima sukari iliyopo ukapata kilo 14.75. Tarehe 1 Julai unaweka 14.75 kwenye B4 kama mzigo mpya wa kuanzia. Ukisahau kusogeza B1 kwenda 2025-07-01, fomula itachukua huo mzigo, ambao tayari umebeba historia yote ya Juni, halafu itaiongeza Juni na kuitoa Juni mara ya pili: 14.75 + 500 − 598.5 = −83.75. Hapa una bahati, kwani sukari hasi haipo duniani na utashtuka. Bidhaa ambayo Juni ulipokea kuliko ulivyouza itakuonyesha salio kubwa kuliko kweli, na salio kubwa huwa halimshtui mtu. B1 na safuwima ya B ni mapacha. Ukigusa mmoja, gusa na mwenzake.

Jambo dogo la kupitia haraka: wakati mwingine salio litasoma kitu kama `-2.78E-17` badala ya sifuri. Hakuna aliyeiba. Kompyuta huandika namba kwa msingi wa mbili, na kwa msingi huo nusu na robo zinaandikika kikamilifu, lakini moja ya kumi haiandikiki, kama vile theluthi isivyoisha kwa desimali zetu. Jaribu mwenyewe kwenye Excel: `=1*(0.5-0.4-0.1)`. Duka linalouza kwa robo na nusu tu haliwezi kukutana na hili. Linalouza kwa mizani ya kidijitali litakutana nalo. Funika E4 hivi: `=ROUND(B4+C4-D4,2)`.

Sasa turudi kwenye tarehe 20 Juni. Seli za ulinzi hazionyeshi kosa lolote, salio la lahajedwali ni 71.5. Mwenye duka anapima kweli: mfuko mmoja uliofungwa, kilo 50, na uliofunguliwa una kilo 17.25. Jumla 67.25. Kilo 4.25 hazipo.

Ile kanuni ya simtanki inasema haziwezi kupotelea hewani. Kuna mlango zilikotokea ambao hatukuuandika, au kuna kilo tulizoandika kuwa zimeingia na hazikuingia. Hebu tuzipime hizo njia mbili kwa namba.

Njia ya kwanza ni mkono wa muuzaji. Sukari inamwagwa kwenye mizani mpaka mshale ufike kwenye kilo, na mara nyingi unapita kidogo, mteja naye yuko mbele yako, huwezi kumnyang’anya kijiko. Tuseme kila kilo iliyouzwa ilizidi kwa gramu 10 tu. Kwa kilo 398.5 hiyo ni gramu 3,985, yaani karibu kilo 4. Gramu kumi, kiasi ambacho hungekiona kwa macho, zinakaribia kueleza pengo lote.

Njia ya pili ni mifuko yenyewe. Ilipokelewa saba, na kila mmoja uliandikwa 50 kwa sababu ndivyo mfuko unavyosema. Kama kila mmoja ulikuwa pungufu kwa gramu 600, jumla ni kilo 4.2. Hilo nalo linaeleza pengo karibu lote.

Ndiyo kusema fomula haiwezi kukuambia ni lipi kati ya hayo mawili, wala kama ni wizi. Ina pengo moja na visababishi viwili au vitatu visivyojulikana. Kama tulivyofundishwa sekondari, mlinganyo mmoja hauwezi kufichua vitu viwili usivyovijua. Watu hupoteza muda wakiikarabati lahajedwali hapa, wakati kinachokosekana ni kipimo kingine kutoka dukani. Kila mfuko unapoingia upimwe, na kwenye Kiasi iandikwe namba ya mizani, kwa mfano `=49.4+49.6+50`, si `=3*50`. Kufanya hivyo kunaziba njia ya pili. Pengo likiisha, ilikuwa mifuko. Pengo likibaki lilelile, kama asilimia 1 ya mauzo, na likikua kadiri mauzo yanavyokua, ni mizani au mkono. Pengo likiwa kubwa kwenye wiki fulani na halipo kwenye nyingine, bila kufuata mauzo, hapo ndipo unaanza kuuliza nani alikuwa dukani.

Na hizo kilo 4.25 zenyewe uziandikeje? Usibadilishe mauzo ya nyuma ili namba zilingane, na usiibadilishe B4 kimyakimya katikati ya mwezi. Ongeza aina ya tatu kwenye orodha ya kuchagua, iite Pungufu, na uandike mstari wake kwenye Miamala: tarehe 20, Sukari, Pungufu, 4.25. Kwenye Muhtasari ingiza safuwima mpya kati ya D na E yenye `SUMIFS` ileile, ukibadilisha neno la aina tu. Salio linasogea kwenda F, na linakuwa hivi:

```
F4:  =ROUND(B4+C4-D4-E4,2)
```

Ile seli ya nne ya ulinzi nayo iambie ijumlishe `C4:E43`, la sivyo itaanza kulalamika bila sababu. Mauzo ya rejareja yaliyoharibika, sabuni iliyoliwa na panya, kilo mbili alizochukua mwenye duka kupeleka nyumbani, vyote vinaweza kupita kwenye mlango huohuo au kupewa aina yake, kwa kadiri unavyotaka kujua. Ukifika Septemba utakuwa na safuwima ya Pungufu ya miezi minne, na ukiigawa kwa mauzo ya kila mwezi utaona kama ile asilimia 1 imeshuka tangu mlipoanza kupima mifuko.